Kuhesabu tiki au kupanda ngazi?

Chukua swali la mtihani unalosahihisha, la maksi 6 zilizogawanywa kwa ngazi 3 za ubora wa jibu: eleza kwa nini barafu huelea kwenye maji. Mwanafunzi kajibu: “Barafu ni nyepesi kuliko maji. Maji yakiganda hutanuka. Ndio maana chupa iliyojaa hupasuka kwenye friza.”

Ukihesabu tiki utaona pointi tatu za kweli, unampa 3 fasta unasonga mbele, ila hapo hujajua kakosa nini, na kusema ukweli ile ya chupa haijibu swali, ni pambo tu.

Njia ya ngazi inachosha kidogo, unaanzia chini unauliza kila ngazi, je jibu linafika hapa? Ngazi 1 ukweli uliotawanyika, kapita. Ngazi 2 sababu zinaanza kuungana, hapo anagusa tu maana kutanuka kwa maji hakujaungana na wepesi. Ngazi 3 hafiki: hajasema uzito uleule umechukua nafasi kubwa zaidi, kwa hiyo densiti imeshuka, wala molekuli kujipanga zikaacha uwazi. Naweka mwanzoni mwa ngazi 2, maksi 3.

Maksi zilezile, lakini sasa najua sentensi gani ya kumwandikia pembeni: “nyepesi kwa ujazo upi?”