Uzoefu wangu: Programu ya hesabu za duka kwenye mzigo wa mali kauli

Nina duka dogo Arusha, karibu na Soko Kuu. Mama mmoja wa Moshi hukaanga kahawa na kuniletea pakiti niuze kwa bei aliyopanga yeye, shilingi 15,000. Nikiuza, nachukua kamisheni ya asilimia 10. Zisipouzika, anazichukua. Mzigo unabaki wake hadi mteja anunue.

Programu ya simu ninayotumia ni nzuri kwa bidhaa nilizonunua mwenyewe. Kwa mzigo huu ilinipotosha miezi miwili. Nilipokea pakiti 80 nikaziingiza kwenye "Manunuzi" kwa 13,500 kila moja, yaani bei iliyotolewa kamisheni, kwa sababu ndiyo njia pekee niliyoiona. Palepale ikaonyesha nadaiwa 1,080,000, na mali ya duka imepanda kiasi hichohicho. Vyote viwili si kweli: sikuwa nimeuza hata pakiti moja, basi deni lilitoka wapi? Nikajaribu kuweka bei ya kununulia sifuri. Deni likaondoka, lakini kila pakiti iliyouzwa ikahesabiwa faida ya 15,000. Hapo ndipo mtu anapokula hela ya mwenye mali bila kukusudia.

Fundi wao alinisaidia, na kwa hilo nawapa heko. Alinifungulia stoo ya pili inayohesabu idadi tu, bila thamani. Kisha akaitoa kahawa kwenye akaunti ya "Mauzo" akaielekeza kwenye akaunti ya deni niliyoipa jina "Mwenye kahawa". Sasa pakiti ikiuzwa, fedha zinaingia kwenye droo na deni lake linapanda kwa 15,000 nzima. Kamisheni naiingiza mwisho wa mwezi: napunguza deni lake, naongeza mapato yangu.

Mwezi uliopita niliuza 50, yaani 750,000. Kamisheni yangu 75,000, na nauli ya mzigo kutoka Moshi niliyomlipia, 8,000. Ikabaki 667,000 yake. Mapato yangu ya kahawa ni zile 75,000 tu. Nauli ni hela yangu imerudi.

Kasoro mbili bado zipo. Haitoi karatasi ya mauzo ya kumpelekea mwenye mali, kwa hiyo naandika kwa mkono: zilizopokelewa, zilizouzwa, makato, zilizobaki. Ya pili niliigundua nilipohesabu rafu. Stoo inasema 30, mimi naona 28. Mbili zimepotea mikononi mwangu, na tulikubaliana nizilipe kwa bei iliyotolewa kamisheni, 13,500 kila moja. Kitufe cha "Punguza stoo" kinashusha idadi tu, hakigusi deni. Nisingeingiza mwenyewe ile 27,000 kama gharama yangu na nyongeza ya deni, mama angepata 667,000 badala ya 694,000.

Naendelea kuitumia, ila rafu naihesabu kila Jumamosi jioni.