Nimelipia mwezi mzima ili mtu anihukumu kwa picha moja

Nina hasira, nisamehewe mapema. Hii aplikesheni ya wachumba nililipia kifurushi cha mwezi, nikajaza wasifu kwa makini: nina mtoto mmoja, nafanya kazi shamba la maua Usa River, naimba kwaya, natafuta mume. Juzijuzi nikakutana na mkaka tuliyemechi, mgahawani karibu na Mnara wa Saa, Arusha mjini. Soda hazijafunguliwa, simu yangu ikaita, mwanangu. Kaka akanikazia macho: "Kumbe una mtoto? Mbona ulificha?"

Nilificha wapi? Nikamwambia afungue wasifu wangu palepale. Picha ikajaa kioo kizima, chini jina na umri, basi. Nikabonyeza picha, nikavuta juu, maneno yangu yote yakatokea. Akasema, "Huko chini sijawahi kufika." Akalipia soda yake, yake tu, akaondoka.

Kaka yule hana adabu, lakini aliyemfundisha ni hiyo aplikesheni. Imeweka uso mbele na maisha ya mtu nyuma, na kidole hakisubiri. Jioni nikiwa kwenye Hiace kurudi mjini, wa kwanza wachache nawasoma hadi mwisho. Tukifika Tengeru nimeshaanza kumpitisha mtu kushoto, yaani kumkataa, kwa sababu ya shati. Na si mimi peke yangu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tilburg, Uholanzi, walitoa utafiti mwaka 2019: watu walipooneshwa wasifu mmoja baada ya mwingine, uwezekano wa kumkubali mtu ulishuka kwa wastani wa asilimia 27 kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Kwa hiyo anayetokea wa hamsini anakataliwa kwa uchovu wa wale waliomtangulia, hata kama ndiye angekufaa.

Haki yake niiseme: bila hii aplikesheni nisingeongea na fundi umeme wa Moshi, Mpare, tusiosali kanisa moja. Nyumbani nisingeletewa mtu kama yeye. Tumeandikiana wiki kadhaa na ni mtu wa maana. Hapo nilitaka kutoa nyota nne.

Halafu nikakumbuka jinsi nilivyompata. Picha yake ya kwanza ilikuwa na ukungu, kofia imefunika nusu ya uso. Mtandao ulikwama, kidole kikakosa kazi, ndiyo maana nikasoma maneno yake. Mtandao ungekuwa mzuri angekwenda kushoto, na kumrudisha wanataka kifurushi kikubwa zaidi!

Nyota moja. Kama bado mnaitumia, dada zangu, angalieni watu kumi kisha mfunge, na kila mmoja mbonyeze picha msome kabla kidole hakijatembea. Waliotengeneza wangeweka maandishi juu ya picha, kazi ya siku moja tu hiyo, ningerudi kubadilisha hii nyota.