S3 au R2 kwa picha za wateja?

Chukua mfano wa apu ya wauza nguo wa Kariakoo: GB 200 za picha ziko kwenye baketi, na wanunuzi wanapakua GB 500 kwa mwezi. Kwa bei ya S3 ya kawaida ya AWS, eneo la us-east-1, kuhifadhi ni dola 4.60 tu. Kinachouma ni data inayotoka: GB 100 za kwanza ni bure, zilizobaki 400 ni senti 9 kila moja, yaani dola 36. R2 ya Cloudflare haitozi data inayotoka; ukiondoa GB 10 za bure za kuhifadhi, unalipa kama dola 2.85. Malipo ya maombi sijayagusa, ila kote yapo.

Kwenye funguo, S3 inakuruhusu kubana ruhusa vizuri zaidi. Sera ya IAM inaweza kuruhusu seva `s3:PutObject` chini ya `uploads/` pekee, isifute wala kusoma kitu. Tokeni ya kawaida ya R2 inaishia kwenye baketi nzima. Kwa vyovyote, ufunguo usikae ndani ya apu. Seva itoe kiungo kilichosainiwa cha dakika chache.

Bando likikatika katikati ya kupakia faili kubwa kwa vipande, vipande hubaki. R2 huvifuta yenyewe baada ya siku 7. S3 huendelea kukutoza mpaka uweke kanuni ya `AbortIncompleteMultipartUpload`, na kwenye orodha ya faili huvioni.

Picha zinazotazamwa kutwa, ningeanzia R2. Skani za vitambulisho ambazo hazifunguliwi mara kwa mara, hasa kama seva tayari ziko AWS, ningeziacha S3.