Umpe mwanafunzi anayeanza aljebra swali lipi: "Rahisisha 3a + 2" au "3a + 2 na 5a ni sawa lini?"

Anayeanza aljebra huona alama ya kujumlisha kama amri ya kutoa jibu moja, hivyo 3a + 2 huigeuza kuwa 5a.

Swali la kwanza hukuonyesha haraka nani kakosea, ila halikuambii anawaza nini. Hata aliyeacha 3a + 2 huenda amekwama tu.

La pili huchukua muda, nami nalipendelea kwa sababu humlazimisha ajaribu namba. Wengi huanza na a = 1, wapate 5 na 5, waamini wamethibitisha. Usiwakatize. Kisha waambie wajaribu a = 4: watapata 14 na 20. Hapo uliza kwa nini 1 ilikubali na 4 ikakataa.