Laini na vifaa vya simu za video Uganda: ipi uinunue kwanza, ipi uiache

Dada wa dukani alinigeuzia skrini ya simu yake: 34 Mbps. "Sebo, hii inakimbia," akasema, na kweli ilikuwa inakimbia. Nikalipa mifai, kile kisanduku cha wifi cha mfukoni, na bando la mwezi, nikapanda boda mpaka Muyenga nikiwa na furaha zangu. Saa mbili usiku nikafungua darasa la Kiswahili kwenye Zoom, wanafunzi wanne. Nikawauliza, "Mnaelewa tofauti ya 'kupika' na 'kupikia'?" Kilichowafikia, kama mmoja wao alivyoniandikia baadaye, ni "Mnae... kia?" Usiku ule ule nilipima tena kasi. Ilikuwa 31 Mbps.

Zoom yenyewe inataka takriban 600 kbps kwenda na kiasi hicho hicho kurudi kwa simu ya watu wawili yenye picha nzuri. Nilikuwa na mara hamsini ya hiyo, lakini sauti ilikuwa inakatika. Mwongozo huu basi haupangi vifaa kwa kasi. Unavipanga kwa mambo matatu ambayo sanduku la dukani haliyataji.

Kinachoharibu simu

La kwanza ni uchelewaji, yaani muda ambao pakiti, kipande kidogo cha data, inatumia kwenda na kurudi. Ukipanda sana, watu wanaanza kukatizana maneno: unanyamaza, unadhani mwenzako hana jibu, unaanza tena, na jibu lake linakuangukia katikati ya sentensi. La pili ni kuyumba kwa uchelewaji huo, pakiti moja ikitumia milisekunde 40 na inayofuata 600. La tatu ni pakiti kupotea njiani kabisa.

Kuyumba ndiko watu wasikokujua, nako ndiko kulikoniua mimi. Fikiria unangoja matatu za Entebbe. Ukiambiwa zinapita thelathini kwa saa, utaona usafiri uko vizuri. Lakini zikija zote kwa mkupuo dakika ya mwisho, wewe umekaa kituoni saa nzima. Kipima kasi kinahesabu matatu zilizopita. Simu ya video inahitaji moja kila baada ya dakika mbili.

Sauti kwa kawaida hukatwa vipande vya milisekunde 20, hivyo pakiti 50 zinaondoka kila sekunde. Programu upande wa pili huweka akiba ndogo ya sauti kabla ya kuicheza, ili iliyochelewa kidogo ipate nafasi. Iliyochelewa kupita akiba hiyo hutupwa hata kama imefika salama. Unapopakua faili, pakiti ikipotea hutumwa tena na wewe hujui lolote. Kwenye mazungumzo hakuna muda huo, neno limeshapita. Ndiyo maana mtandao unaopakua filamu vizuri unaweza kuwa hovyo kabisa kwa simu.

Viwango ambavyo Zoom hupendekeza ni uchelewaji usiozidi milisekunde 150, kuyumba kusikozidi 40, na upotevu usiozidi asilimia 2. Asilimia 2 ni pakiti moja kwa sekunde, na programu za leo huziba pengo hilo bila wewe kusikia. Zikipotea ishirini mfululizo hakuna cha kuziba: karibu nusu sekunde ya sauti imekwenda.

Pima kabla hujanunua cha mwezi

Nunua bando la siku moja, kaa kwenye kiti utakachopigia simu, saa ile ile ya simu zako. Kupima saa nne asubuhi kwa ajili ya darasa la saa mbili usiku ni kujidanganya, kwa sababu jioni mtaa mzima umerudi nyumbani na mnara ni ule ule. Kwenye kompyuta ya Linux, au Termux kwenye simu ya Android, andika:

```
ping -c 100 8.8.8.8
```

Inatuma pakiti mia kwa mtambo wa Google, moja kila sekunde, na itachukua kama dakika moja na sekunde arobaini. Hii ndiyo mifai yangu ilivyojibu usiku ule:

```
100 packets transmitted, 94 received, 6% packet loss
rtt min/avg/max/mdev = 38.2/171.5/904.7/148.3 ms
```

Na hii ni laini ya pili, ya mtandao mwingine, ndani ya simu yangu ya zamani. Kipima kasi kiliipa 5 Mbps tu:

```
100 packets transmitted, 100 received, 0% packet loss
rtt min/avg/max/mdev = 41.0/58.6/112.4/11.9 ms
```

Angalia mwisho wa mstari wa chini. Hiyo `mdev` ni kadirio la kuyumba: 148 dhidi ya 11.9. Darasa lililofuata niliendesha kwa 5 Mbps na hakuna aliyeuliza kama nimekatika.

Kisha rudia kipimo huku ukimtumia mtu video ndefu kwa WhatsApp. Namba zikiruka kutoka 60 hadi 1500, foleni inajaa kwenye njia ya kupandisha, na sauti yako imekaa nyuma ya video hiyo ikisubiri zamu. Simu nyingi hufanya hivyo kimyakimya, Google Photos ikihifadhi picha za harusi ya Jumamosi wakati wewe uko kikaoni. Asiyetaka kuandika amri afungue speed.cloudflare.com, inaonyesha uchelewaji, kuyumba na upotevu pamoja na kasi.

1. Laini ya pili ya mtandao tofauti, kwenye simu ya laini mbili

Hii ndiyo namba moja yangu, na ndiyo ya bei ndogo kuliko zote. Kama una MTN chukua Airtel, kama una Airtel chukua MTN. Sitakuambia ipi bora Uganda nzima, kwa sababu swali hilo halina jibu. Jibu la Kansanga liko chumbani kwako, na la Arua liko chumbani kwa mwenzako. Laini inayoshinda kwenye `mdev` na upotevu ndiyo ipewe bando kubwa, nyingine iwekee dogo la akiba.

Pigia simu ndani ya simu yenyewe ukiweza. Ukitaka kompyuta, unganisha kwa waya wa USB badala ya hotspoti ya wifi. Katika nyumba za kupanga zilizobanana, wifi za majirani zinagombania hewa ile ile, na unaongeza mahali pengine pa kupoteza pakiti hata kama mnara hauna tatizo.

2. Ruta ya 4G ya kukaa nyumbani, yenye tundu la waya

Kwa anayefanya kazi kwa video kila siku. Faida yake si kasi. Ni kwamba unaiweka mahali pamoja, unaunganisha kompyuta kwa waya, na unaweza kuona mnara unavyokutendea. Fungua ukurasa wake wa mipangilio, mara nyingi `192.168.8.1` au `192.168.0.1`, utafute RSRP na SINR. Ya kwanza ni nguvu ya mawimbi, ya pili ni usafi wake dhidi ya kelele.

Hapa Kampala usafi ndio unaotusumbua, kwa sababu ya vilima. Nyumba yangu iko juu, dirisha la sebuleni linaona mji, na kifaa kinaona minara mingi kwa pamoja. Pale dirishani nilipata RSRP -82, nzuri sana, vijiti vyote vimejaa. SINR ilikuwa 2. Minara inapigiana kelele, na kifaa kinahamahama kati yake. Kila kikihama, pakiti zinasubiri au zinapotea. Nikahamishia ruta chumba cha nyuma, ukuta ukaizuia isione mji: RSRP ikashuka hadi -93, vijiti viwili vikapotea, SINR ikapanda hadi 14. Kuyumba kukashuka hapo hapo. Mwenye nyumba alipoona nimeiweka ruta nyuma ya kabati alicheka.

Aliyeko bondeni, kama Bwaise, huenda akawa na shida ya kinyume, mawimbi hafifu. Huyo ndiye dirisha litamsaidia, au ruta yenye matundu ya antena ya nje.

3. Mifai ya mfukoni

Ya safari tu. Antena zake ni ndogo, hupata joto ikikaa kwenye chaji, na unalazimika kupita wifi. Mifai yangu haikuwa mbovu. Nilipotia ndani yake laini ile ya pili ilifanya kazi vizuri, ila si vizuri kuliko simu niliyokuwa nayo tayari bure.

4. Kifaa cha 5G

MTN na Airtel zote zilizindua 5G Uganda mwaka 2023. Ukiwa karibu na mnara wake, ni raha. Ukiwa pembezoni, kifaa kinaruka 5G na 4G huku na huko na kuyumba kunarudi pale pale. Azima simu ya 5G ya rafiki, ipime kitini kwako kabla ya kutoa hela. Kama tayari unayo na inaruka, ifunge kwenye 4G ndani ya mipangilio.

5. Bando kubwa zaidi kwenye laini ile ile

Ndilo jambo la kwanza kila mtu anafanya, nami naliweka mwisho. Bando kubwa halibadilishi mnara. Na soma masharti ya bando "lisilo na kikomo": ukipita kiasi fulani kasi inapunguzwa, na laini iliyobanwa chini ya kile ambacho video inahitaji hujaza foleni au hutupa pakiti. Hesabu ya matumizi ni rahisi: 600 kbps kwenda na 600 kurudi ni kama MB 540 kwa saa. Darasa la saa moja la mwanafunzi mmoja, siku tano kwa wiki, halifiki GB 3.

Kabla hujanunua chochote, zima VPN

Kodi ya mitandao ya kijamii ya 2018, shilingi 200 kwa siku, ndiyo iliyowafundisha wengi wetu kuweka VPN. Facebook ilipofungwa Januari 2021, VPN ikabaki imewashwa. Sasa mtu wa Ntinda anampigia dada yake wa Nairobi, na pakiti zinapita kwenye mtambo wa bure huko Ulaya, zinashuka baharini na kupanda tena, milisekunde mia na zaidi zimeongezeka bila sababu, pamoja na msongamano wa wote wanaotumia mtambo huo. Pima ikiwa imewashwa, pima ikiwa imezimwa. Jirani yangu alikuwa ameshatenga hela za ruta. Alizima VPN, akapata uchelewaji wa milisekunde 52 badala ya 290, na hela ikaenda kwenye karo.