Turubai la mita 6 kwa 10 kwenye Fuso la mpunga: uzoefu wangu

Turubai hili nililinunua Tabora mjini kwa ajili ya Fuso inayopeleka mpunga Kigoma kupitia Urambo na Uvinza. Limepigwa na mvua za kutosha sasa, na mzigo unashuka mkavu.

Dukani nilipewa kwanza la futi 18 kwa 24, nikaambiwa ndilo la Fuso. Nililikataa kwa hesabu. Bodi letu lina urefu wa mita 6 na upana wa mita 2.3, na magunia yakishapangwa yanapanda mita 1.2 juu ya kingo za bodi. Turubai linashuka pande zote, kwa hiyo kimo hicho unakihesabu mara mbili, kisha unaongeza nusu mita kila upande ya kuning'inia nje. Upana ni 2.3 + 2.4 + 1, yaani mita 5.7. Urefu ni 6 + 2.4 + 1, yaani mita 9.4. Futi 24 ni kama mita 7.3 tu. Ukitoa mita 6 za juu ya mzigo, mbele na nyuma zinabaki sentimita 65 kila upande. Magunia ya chini yangekaa wazi.

Hiyo nusu mita msiipunguze. Turubai likiishia sawa na ukingo wa bodi, maji yanatiririka kwa ndani ya mbao, na gunia la chini linalolowa hulioni mpaka unaposhusha. Lakini pia lisifike kwenye ndoano zenyewe, kwa sababu kamba au mpira wa tyubu unahitaji nafasi ya kuvutwa ukaze.

Kabla ya kulipa, tandaza upime. Langu limeandikwa 6 kwa 10, lakini nilipolipima lilikuwa mita 5.85 kwa 9.8, maana pindo limekula kitambaa. Kwangu bado linatosha. Aliyenunua kwa kipimo kilichobana angeumia.

Utingo wetu huanza kufunga mbele. Anakunja pembe kama bahasha, anabana ukingo wa mbele kwa kamba inayokatiza juu ya mzigo, ndipo anavuta kurudi nyuma. Upepo ukipata mwanya pale mbele, turubai linajaa hewa na kupigapiga njia nzima mpaka lichanike.

Lawama yangu ni pete za matundu. Ni bati jepesi, na mbili za pembeni zimeng'oka. Pale tunaweka kokoto laini ndani ya turubai, tunalikunja juu yake na kufunga kamba shingoni mwa kokoto. Panashika kuliko pete. Kitambaa chenyewe ni kizito na hakijavuja, ila kwa mzigo unaopanda zaidi ya mita 1.2 juu ya kingo za bodi nenda kwenye kubwa zaidi.