TAHADHARI: Anayeuza mikufu ya "lulu za Msimbati" hapa Mtwara

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, hasa mnaotafuta zawadi za harusi, someni hili kabla hamjatoa hela.

Wiki tatu zilizopita kijana mmoja alinifuata pale Mikindani na mkufu wa lulu 52, nyeupe, duara kabisa, kila moja milimita nane. Akasema ni lulu za asili, wazamiaji wamezitoa kwenye chaza wa Msimbati. Nilikuwa natafuta zawadi ya wifi yangu, nikavutiwa. Akawasha kiberiti cha gesi, akapitisha moto kwenye lulu mbili: hazikuyeyuka. Akaniwekea mkufu mkononi, mzito na wa baridi. Kisha akatoa punje moja mfukoni, "masalio ya mkufu huohuo," akaniambia, "Dada, isugue kwenye meno." Nikasugua kwenye meno ya mbele, ikakwaruza kama mchanga mwembamba, jinsi lulu ya kweli inavyokwaruza. Nikalipa shilingi 380,000.

Niliupeleka kwa sonara kubadilisha kifungo. Mzee yule akaweka kioo cha kukuzia kwenye tundu la uzi, akanyamaza, kisha akaniita niangalie. Pembezoni mwa tundu kulikuwa na rangi iliyobanduka kama ya ukuta, na chini yake kitu cheupe kisicho na mng'ao. "Mwanangu, hii imepakwa." Punje 52 zote hivyohivyo.

Hapa ndipo panapowachanganya wengi. Lulu za kufugwa za maji chumvi huanzia kwenye kigololo kilichochongwa kutoka kwenye gamba la kome. Mfugaji hukipandikiza ndani ya chaza pamoja na kipande kidogo cha nyama ya chaza mwingine, na chaza hukifunika kwa tabaka baada ya tabaka. Mkufu wangu nao una vigololo vya gamba, ila tabaka la juu limepakwa kiwandani. Ndiyo maana uzito ni uleule, ubaridi ni uleule, na moto wa sekunde mbili hauonyeshi kitu. Moto huumbua plastiki tu, na lulu halisi unaweza kuiharibu. Msijaribu na siki pia: gamba na lulu vyote hutoa povu, na lulu yako ikiwa ya kweli utakuwa umeiharibu mwenyewe.

Ile punje ya mfukoni, sonara alisema ni lulu halisi, lakini ya kufugwa kwenye maji baridi. Hizo nyingi hutoka Uchina. Hufugwa ndani ya kome wa maziwa na mabwawa, na kwa kawaida hakipandikizwi kigololo, ni kipande cha nyama peke yake, kwa hiyo karibu punje nzima ni lulu tupu. Kome mmoja huweza kutoa lulu zaidi ya thelathini kwa mkupuo, ilhali chaza wa baharini hutoa moja au chache, na bei hufuata hapo. Nilipoitazama upya niliona imerefuka kidogo kama yai, haifanani na zile za kwenye uzi. Ningeilinganisha palepale ningeshtuka.

Kwa hiyo usikubali punje ya pembeni. Shika mkufu wenyewe, chagua mbili za katikati, zisuguane taratibu. Halisi hukwama kidogo na kuacha vumbi jeupe jembamba; ukilifuta, uso unabaki mzima. Za bandia huteleza. Rudia sehemu tatu nne za uzi, maana mtu anaweza kuchanganya. Halafu angalia matundu. Ya lulu halisi yana kingo safi, na kwenye za maji chumvi unaweza kuona mstari unaotenganisha tabaka na kigololo.

Kusugua hakukwambii kama lulu ni ya asili au ya kufugwa, kwa sababu tabaka la juu ni lilelile. Hilo huamuliwa na maabara kwa picha za eksirei. Lakini hadithi yenyewe ilitosha kunizindua: lulu za asili ni adimu mno, na kupata 52 za duara, saizi moja, rangi moja, ni kazi ya kufungua chaza wengi sana kwa miaka. Hata zile zinazofugwa jirani zetu Fumba, Zanzibar, ni nusu lulu, bapa upande mmoja, hazitungwi mkufu wa duara.

Kijana huyo hubeba mikufu kwenye kitambaa cheusi na hukataa kukutana dukani kwa sonara. Simu yake haipatikani tena. Mkufu bado ninao, na nimekata uzi makusudi. Anayetaka kuona tundu lililopakwa linavyofanana aniandikie hapa, nitamletea punje mbili tatu.